Zamu ya Profesa

Shemeji yangu tunamwita Profesa kwa sababu hakuna jambo asilolijua, hasa lile aliloanza kulisikia jana. Mimi na mume wangu tunafuga mbwa wa ulinzi. Jike wetu bora alipokufa siku ya pili baada ya kuzaa, akatuachia watoto wanne wasiofungua hata macho, Profesa alijitolea kushika zamu ya mchana. Ndio uzao pekee uliobaki wa yule jike, nami nilikuwa nimemlilia vya kutosha.

Nilimweleza yote asubuhi. Chupa ya maji ya moto ifungwe taulo, iwekwe upande mmoja wa boksi, ili anayeona joto limezidi ajikokote pembeni. Wapewe maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, ya uvuguvugu, kila baada ya saa mbili. Ya ng'ombe yangewaharisha. Wanyonye wamelalia tumbo, wasipakatwe chali kama watoto wetu, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Nilipofika kwenye pamba na maji ya uvuguvugu, akanikatiza. Usafi, alisema, hafundishwi mtu mzima.

Nilirudi alasiri. Profesa alinipokea mlangoni, shati limenyooka, daftari mkononi. Kila mlo kaandika, tena kwa wino wa rangi mbili. Uzito umepanda kuliko jana. Na kitambaa cha kulalia, shemeji, kitambaa kikavu tangu asubuhi! Wa kwangu wana adabu, akasema, wala pamba sijaigusa.

Nikafunua boksi. Watoto walikuwa wanalia kwa sauti nyembamba, matumbo yamekaza kama mpira uliojazwa upepo. Ule uzito aliojivunia, sehemu yake ilikuwa mkojo.

"Umewafuta mara ngapi?"

"Nilisubiri wachafuke kwanza."

"Hawawezi kujisaidia wenyewe. Mama yao alikuwa anawalamba ndipo wanakojoa. Ile pamba ndiyo ulimi wake."

Nililowesha pamba, nikamsugua wa kwanza taratibu chini ya mkia na mahali pa mkojo. Ukatoka, ukaendelea kutoka. Wa pili vilevile, na wa tatu akaongeza na choo. Yule mdogo kabisa hakutoa kitu. Nilisugua tena na tena, kisha nikamkabidhi mtaalamu wetu wa usafi ili nikampigie simu daktari wa mifugo.

Daktari alisema tumlete mara moja. Niliporudi na funguo za gari, Profesa alikuwa amepiga magoti sakafuni, kitoto kiganjani, anasugua na kumwomba msamaha kwa jina la yule jike aliyekufa. Mkojo ulikuwa umeanza kumchirizika mpaka kwenye mkono wa shati lile lililonyooka. Machozi yalimjaa, kamasi pia, naye hakuthubutu kujifuta, asije akausimamisha mkojo.