Upande wa Ndani wa Nguzo

Mwendwa alikufa siku ya Jumanne, njiani, kabla gari halijafika lami ya Maungu. Maksai mwekundu alikuwa amembana kifuani kando ya krashi ya nyumbani kwake Makwasinyi, ule uchochoro wa magogo ambamo ng'ombe huingizwa mmoja nyuma ya mwingine ili wachanjwe. Watu walimlaumu maksai. Katuku, mdogo wa marehemu, hakumlaumu. Krashi ile aliijenga yeye mwenyewe.

Aliijenga kwa siku moja, miaka mitatu nyuma, akiwa na haraka ya kurudi kibaruani Voi. Mapao, ile miti ya kulala, aliyapigilia misumari upande wa nje wa nguzo, maana huko nje ndiko ilikokuwa rahisi kusimama na nyundo. Kwa hiyo ng'ombe alipoegemea, pao lilisukumwa mbali na nguzo, na kilichomzuia kilikuwa msumari tu. Siku ile maksai alijitupa ubavu, misumari ikang'oka, na mnyama akatoka pamoja na mapao hadi alipokuwa Mwendwa, katikati ya krashi na ukuta wa mawe, mahali pasipo pa kutokea.

Haya yote Katuku aliyang'amua kwenye matanga, alipokwenda peke yake kuangalia misumari iliyopinda. Hakumwambia mtu.

Miezi miwili baadaye shemejiye Kathini, mjane wa Mwendwa, akampigia simu.

"Chanjo ya miguu na midomo inakuja wiki ya pili ya mwezi ujao," alisema. "Daktari Josephat amesema hatashika ng'ombe wangu kwa kamba. Amesema nijenge krashi ambayo mimi na Ndanu tutaimudu wawili. Utakuja?"

Ndanu alikuwa bintiye, mwenye miaka ishirini na saba, aliyerudi nyumbani baada ya msiba. Wanaume wa kushika pembe na mikia hawakuwapo tena. Katuku akasema atakuja.

Alipofika alimkuta Josephat, yule daktari wa mifugo wa wadi, akichora mchangani kwa kijiti. Kathini na Ndanu walikuwa wamechuchumaa pembeni. Katuku akachuchumaa nao.

"Upana wa ndani uwe sentimita sabini," Josephat alikuwa akisema. "Ng'ombe mkubwa apite, asiweze kugeuka. Ndama msiwachanganye humu, wao watageuka. Nguzo ziingie chini sentimita sabini na tano, mshindilie kwa mawe. Na mapao," akaweka kijiti chini, "mapao yakae upande wa ndani wa nguzo. Ng'ombe akisukuma, asukume pao kwenye nguzo. Nguzo ndiyo ifanye kazi, si msumari. Funga kwa bolti."

Katuku alikuwa akiangalia mchoro, lakini alijua Kathini anamwangalia yeye.

"Umesikia, shemeji?" Kathini akauliza.

"Nimesikia."

Kesho yake asubuhi walianza kwa kubomoa krashi ya zamani. Kathini alimpa mtarimbo. Pao la kwanza halikumpa kazi yoyote, lilitoka kama jino bovu. Akasimama nalo mkononi. Jasho lilikuwa likimtiririka, na bado jua halijapanda juu ya mlima Kasigau.

"Mama Ndanu," akasema. "Kosa hili ni langu."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku alipokufa. Mume wangu alikuwa akiniambia kila mwaka, 'Katuku akija atarekebisha haya mapao.' Alikuwa anakungojea wewe, akisema si vizuri mtu mwingine arekebishe kazi yako." Alisema bila kupandisha sauti. "Ng'oa hilo lingine."

Katuku alingoja aongeze neno, la matusi au la huruma. Hakuongeza. Wakang'oa yote.

Walijenga siku tisa. Nguzo za mkalitusi zilitoka Voi kwa lori. Ndanu alipima kila shimo kwa kijiti alichokitia alama, na lililopungua vidole viwili alimrudisha baba yake mdogo alichimbe upya. Krashi ilikuwa na urefu wa mita sita, ng'ombe wanne kwa mpigo. Mbele waliweka kibano cha shingo: miti miwili iliyosimama, mmoja umekazwa na mwingine ukicheza chini, unaovutwa kwa kamba na mtu aliye nje, kisha unafungwa kwa pini. Nyuma ya kila mnyama palikuwa na nafasi ya kupitisha gogo la kumzuia asirudi nyuma. Pande za krashi waliziziba kwa mbao, ng'ombe wasiwaone watu wanaotembea nje wakashtuka.

Mwisho walijenga kizizi cha kusukumia ng'ombe kwenye krashi. Ukuta mmoja ulinyooka sambamba na krashi, wa pili ulikuja kwa mshazari, na lango lake lilibembea likiwafuata ng'ombe nyuma. Kwenye kona ya kizizi Kathini alitaka nguzo mbili zilizoachana sentimita thelathini na tano.

"Mtu apite kwa ubavu, ng'ombe asipite," alisema. Kisha akaongeza, "Ukuta wa mawe uondoke wote. Sitaki uonekane hapa."

Katuku aliubeba ukuta huo jiwe kwa jiwe, siku nzima, peke yake.

Siku ya chanjo ilikuwa na vumbi. Josephat alisimama nje ya krashi na bomba lake la sindano, Kathini akashika kamba ya kibano, Ndanu akapitisha magogo, akisimama kando ya gogo na si nyuma yake, kama alivyofundishwa. Katuku alipewa lango la kizizi, na akaambiwa asijaze zaidi ya nusu.

Kazi ilikwenda vizuri. Ng'ombe waliingia, shingo zikashikwa, sindano, kibano kikafunguliwa, wakatoka kuelekea kwa wenzao. Hakuna aliyepiga kelele. Maksai mwekundu alikuja katika kundi la tatu. Mlangoni mwa krashi akasita, akanusa mbao, akageuka.

Aliyesimama mbele yake alikuwa Katuku. Alikuwa ameliacha lango, ameingia ndani ya kizizi kumtimua ng'ombe mmoja aliyekwama. Maksai akainamisha kichwa. Nafasi ya kutokea ilikuwa hatua mbili upande wa kulia, na Katuku aliijua, nguzo zake alizichimbia yeye. Miguu haikusogea. Ndani yake palikuwa kimya, na katika ukimya huo alifikiri kwamba hivi ndivyo kaka alivyoona, na kwamba huenda ni haki.

"Baba mdogo! Toka!"

Ilikuwa sauti ya Ndanu. Akajitupa kulia. Nguzo zilimkwaruza kifua na mgongo, akaangukia nje mavumbini, na nyuma yake maksai akagonga zile nguzo kwa kishindo. Hazikutikisika. Ndanu alilikimbilia lango akalisukuma toka nje, na mnyama, akikosa pengine pa kwenda, akaingia kwenye krashi. Gogo likapita nyuma yake. Alijitupa ubavu mara tatu. Mapao yalilia juu ya nguzo, yakabaki.

Kathini alivuta kamba, akatia pini. Alimtazama maksai aliyeshikwa shingo, akipumua kwa nguvu, asiyeweza kumdhuru mtu yeyote.

"Siku tisa tu zingetosha," alisema. "Siku tisa, Katuku."

Josephat alijifanya anajaza sindano.

Katuku alikuwa bado ameketi chini. Kathini akamjia, akasimama juu yake.

"Nilikuona. Ulisimama makusudi."

Katuku alijipangusa vumbi usoni.

"Mimi sijakusamehe," Kathini akasema. "Labda sitakusamehe. Lakini usije ukaniletea maiti nyingine hapa ukadhani umelipa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi inuka. Bado wamebaki kumi na mmoja."

Akainuka, shati limechanika mgongoni, akaenda kulishika lango kutoka upande wa nje.