Mtihani Usiowezekana

Shemeji yangu alirudi kutoka masomoni na shahada ya uzamivu, na shingo ndefu kuliko ile aliyoondoka nayo. Idara ikampa ofisi inayopakana na yangu. Ukuta wenyewe ni mbao nyembamba, kwa hiyo nilimsikia kutwa nzima akiwaelimisha wanafunzi. Kila baada ya sentensi mbili alitia neno "kwa hiyo", hata pale ambapo hakuna kitu kilichofuata kutoka kwa kitu kingine. Wanafunzi wakambandika jina: Kwahiyo. Lilikuwa jambo pekee la akili walilofanya mwaka ule.

Mimi nafundisha mantiki kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tunakutana kila siku ya kazi asubuhi, kwenye ukumbi mdogo juu ya maktaba, wenye viti vinavyolia mtu akijigeuza. Mdogo wangu, ambaye ndiye mke wa Kwahiyo, alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Alirejea chuoni baada ya mtoto wake wa mwisho kuanza shule. Ukumbini aliniita mwalimu, nje aliniita dada, na karatasi zake zilisahihishwa na mkuu wa idara ili watu wasipate la kusema.

Ijumaa moja, kipindi kilipokwisha, niliwatangazia.

"Wiki ijayo, kati ya Jumatatu na Ijumaa, kutakuwa na mtihani mmoja. Utakuja kwa kushtukiza. Asubuhi ya siku yenyewe, mkiingia humu, hamtakuwa mmejua kwamba ni leo."

Wakaguna, kama kawaida ya watu waliolipiwa ada na bado wanaona kusoma ni uonevu. Kiranja wao, kijana mwenye sauti kubwa na daftari jeupe, akatoka mbio. Hakwenda maktaba, ambayo ilikuwa chini ya miguu yake. Alikwenda kwa Kwahiyo.

Alasiri hiyo hiyo nikasikia viti vikiburutwa ng'ambo ya ukuta, kisha chaki.

"Mtihani huu hauwezekani," Kwahiyo alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisikiliza. "Tuanze na Ijumaa. Kama hadi Alhamisi jioni haujaja, siku iliyobaki ni Ijumaa peke yake. Mtajua ni kesho. Hapo hamkushtukizwa. Kwa hiyo Ijumaa tunaifuta. Sasa, Ijumaa ikishafutika, siku ya mwisho ni Alhamisi. Jumatano jioni mtajua ni kesho. Kwa hiyo Alhamisi tunaifuta. Kwa hiyo Jumatano. Kwa hiyo Jumanne. Kwa hiyo Jumatatu!"

Kila siku ilifutwa kwa kishindo cha dasta, na kila kishindo kikapigiwa makofi.

"Kwa hiyo tusisome?" kiranja aliuliza.

"Mwalimu wenu ameahidi kitu kisichoweza kutokea. Kwa hiyo hakitatokea."

Ningeweza kugonga ukuta. Sikugonga. Mtu mzima anayefikiri amefuta wiki nzima kwa dasta huachwa aishi ndani ya hiyo wiki.

Jumatatu walikuja na vicheko. Jumanne wengine hawakuja na kalamu. Jumatano niliingia na karatasi ndani ya mfuko wa sokoni, nikaanza kuzigawa safu kwa safu. 

Kiranja akasimama. "Mwalimu, samahani, huu mtihani hauwezekani."

"Basi andika jina lako juu ya karatasi isiyowezekana. Na ukae."

"Lakini tumethibitisha!"

"Mlijua kwamba ni leo?"

Hakuna aliyejua. Nilizipitia nyuso moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa za watu waliomwagiwa maji. Mdogo wangu peke yake aliinamisha kichwa na kuanza kuandika.

Matokeo yalikuwa aibu tupu. Kiranja aliacha kurasa mbili wazi, na ya tatu akaandika hoja ya Kwahiyo neno kwa neno, kana kwamba nilikuwa nimeiuliza. Waliofaulu walikuwa wachache mno, na wa kwanza wao alikuwa mdogo wangu. Mkuu wa idara aliisahihisha karatasi yake mara mbili, asije akalaumiwa.

Darasa likapeleka malalamiko kwa mkuu wa kitivo: mtihani ufutwe, kwa sababu ulitangazwa kwa kauli inayojipinga. Kwahiyo ndiye aliyejitolea kuwatetea. Dhidi ya shemeji yake, na kwa furaha.

Tulikutana ofisini kwa mkuu wa kitivo, chumba chenye zulia na feni inayozunguka bila kupuliza. Mkuu huyu ni mtu mpole anayefanya uamuzi baada ya kila mtu kwenda nyumbani. Alikaa nyuma ya meza. Mimi na Kwahiyo tukakaa mbele yake. Ukutani walisimama wawakilishi wawili wa darasa: kiranja, na mdogo wangu, ambaye wenzake walimchagua wakidhani mke wa mtetezi atawasaidia.

Kwahiyo alianza upya na Ijumaa, akafuta siku zake zote tano hewani kwa mkono. Mkuu akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepotea tangu Alhamisi.

"Na bado mtihani ulifanyika," nilisema, "siku niliyoitaka, na hakuna aliyeijua. Kauli yangu ilitimia yote. Hoja inayoanza na kauli ya kweli na kuishia kwenye uongo ina tundu mahali fulani. Huko ulikosoma hawakukuambia ulitafute?"

"Shemeji, tundu liko wapi? Kila hatua inafuata."

"Hatua ya kwanza tu inatutosha. Ni Alhamisi jioni, mtihani haujaja. Unajua nini?"

"Najua ni kesho."

"Umejuaje?"

"Ulisema utakuwepo."

"Na nini kingine nilisema?"

"Kwamba hatutajua."

"Kwa hiyo," nikasema, na nakiri neno lile lilikuwa tamu mdomoni, "ukijua ni kesho, nusu moja ya kauli yangu imekuwa uongo. Kama nimewadanganya kwenye nusu hiyo, nusu ya pili unaiamini kwa dhamana gani? Labda mtihani haupo kabisa. Labda nimeahirisha. Alhamisi jioni ungekuwa umekaa kitandani, unajiuliza kama mimi ni mwongo kwa hili au kwa lile. Huko siyo kujua. Na kwa kuwa hujui, nikiingia Ijumaa na karatasi, nimekushtukiza, na kauli yangu yote inakuwa kweli."

"Lakini kauli kama ni kweli, na tumeambiwa na mtu tunayemwamini, tunaijua!"

"Siku niliyoitangaza, sawa, mliijua. Hoja yako inataka muibebe hadi Alhamisi jioni bila kumwagika hata tone. Haibebeki. Jioni hiyo, kwenu, ingekuwa inasema hivi: mtihani ni kesho, na ninyi hamjui. Maneno hayo yanaweza kuwa kweli kabisa, na mimi nikayajua. Ninyi hamuwezi."

"Hayo ni maneno tu. Hakuna kitu cha kweli ambacho kila mtu anaweza kukijua isipokuwa mimi."

Nilimtazama vizuri. Nilikuwa nimeona tangu ngazini.

"Shemeji, sweta lako umelivaa kinyume, na wewe hujui."

Kiranja akacheka kabla hajajizuia. Kwahiyo akajiangalia: mishono yote ilikuwa nje, na lebo ya duka ilimsimama shingoni.

"Nilipofungua mdomo ilikuwa kweli yote," nikaendelea. "Mimi nilijua. Kiranja alijua. Mkuu hapa alijua ila ana adabu. Mtu mmoja tu duniani asingeweza kuijua nzima nzima, naye ni wewe, kwa sababu ukishaijua nusu ya kwanza, ya pili inakufa. Ijumaa yako ni hivyo hivyo. Hukuifuta. Na kama Ijumaa haikufutika, Alhamisi huwezi kuigusa, maana uliifuta kwa kuiegemea Ijumaa. Siku zote zinarudi ubaoni."

Mkuu wa kitivo alikohoa. "Kwa hiyo... samahani. Ina maana wanafunzi walipotoshwa kwa nia njema?"

"Nia njema kabisa," Kwahiyo alidakia. Alikuwa anahangaika kulivua sweta bila kusimama. "Mimi mwenyewe niliamini kwa asilimia zote kwamba hautakuja. Jamii ya wasomi hukosea bila kukusudia..."

"Baba," mdogo wangu akasema kutoka ukutani. Ndivyo anavyomwita, kwa ajili ya watoto. "Usiseme hivyo."

"Mama, hili ni jambo la kitaaluma."

"Jumanne jioni nilikuuliza nisome au nilale. Ulinijibu nini?"

Sweta lilikuwa limemfunika kichwa.

"Ulisema, 'Pitiapitia kidogo, huwezi jua.' Ukanipikia chai ya pili nisisinzie." Akamnyooshea kiranja mkono. "Hawa wenzangu uliwaambia wasisome. Mimi ukaniambia nisome. Niliona aibu kuwaambia. Na maksi hizi nimezionea aibu wiki nzima."

Huwezi jua. Yalikuwa maneno mawili, kwenye meza ya chakula, na yalisema yote niliyochosha mapafu kuyasema. Mtu aliyethibitisha kwamba mtihani hautakuja hakujua kama hautakuja. Alijua vizuri kwamba hajui. Ila kwa umati alipenda makofi, akawauzia uhakika ambao hakumpa mkewe.

Kiranja alimtazama Kwahiyo akitoka ndani ya sweta na nywele zimesimama. Nimewaona wanafunzi wakichukia walimu. Hiyo haikuwa chuki. Ni vile mtu anavyotazama kitu alichokanyaga.

"Mkuu," akasema, "tunaondoa malalamiko."

"Bila sharti?"

"Bila chochote. Naomba tu kutoka humu."

Akatoka, bila kumuaga mtetezi wake. Mkuu wa kitivo akasema basi tutaona, akasubiri tuondoke, na siku iliyofuata akatoa uamuzi kwamba maksi zibaki zilivyo. Ofisi ya ng'ambo ya ukuta ikawa kimya. Wanafunzi waliacha kwenda kwa Kwahiyo hata kwa mambo aliyoyajua, na yapo, sitamnyima. Mwisho wa muhula aliomba kuhamia kitivo cha ualimu, wakampokea kwa mikono miwili.

Siku chache baada ya kikao nilimkuta mdogo wangu kwenye benchi la nje ya maktaba. Nilimwambia amefanya jambo zito, na kwamba najivunia.

"Nimelala chumba cha watoto tangu siku ile," alisema. "Ananiuliza kwa nini nilimvua nguo mbele ya watu."

"Alijivua mwenyewe."

"Na wewe ulifurahi, dada. Nilikuwa nakuangalia. Hukuwa unawafundisha. Ulikuwa unakula."

Nilikuwa na jibu. Huwa nina jibu. Nilimwambia kwamba hoja ya mtu haibadiliki kuwa mbaya kwa sababu aliyeitoa ameifurahia, na hilo ni kweli, unaweza kulihakiki kwenye kitabu chochote cha somo langu.

Alisikiliza hadi mwisho, akakubali kwamba ni kweli, akachukua mkoba wake. Muhula uliofuata alijiandikisha mantiki ya pili kwa mwalimu mwingine.