Ubao wa Wachanjaji

Mwaka ndui ilipopanda Mto Tana, Mzungu aliyewasimamia wachanjaji wa Kipini, waliyemwita Bwana Mganga, alitundika ubao barazani. Kila Ijumaa aliandika majina yao kwa chaki: aliyechanja mikono mingi juu, aliyechanja michache chini. Aliyefikisha mia tano alivikwa nishani ya shaba.

Nassir alikuwa nazo tatu, na mwenzake Dabaso alimfuata ubaoni. Jilo hakuwa na hata moja, na jina lake halikubanduka chini. Kila alipochanja alipitisha kisu motoni, kisha akangoja kipoe, maana kisu cha moto huua dawa. Baada ya wiki alirudi kutazama kama mkono umetoa kipele, dalili kwamba chanjo imeshika. Kurudi huko hakukuhesabiwa popote.

"Unanitia aibu," Bwana Mganga alimwambia mbele ya wenzake, akamnyang'anya vijiji vya Garsen, kwao Jilo, akampa Nassir.

Nassir alivimaliza upesi ajabu, akapata nishani ya nne.

Mvua zilipoanza, habari ikafika kwamba ndui imeingia Garsen. Jilo alipanda mtumbwi bila kuomba ruhusa. Alimkuta dada yake, Buya, ameketi mlangoni, macho yamemvimba. Mwanawe, Mishi, walikuwa wamemzika jana yake.

"Si alichanjwa?"

"Alichanjwa, kaka. Tulipangwa mstari kama mbuzi. Kisu kilitoka motoni kikaingia mkononi mwake, mtoto akaungua. Mtu wenu hakurudi tena."

Jilo alizunguka nyumba kwa nyumba akitazama mikono ya watu. Wachache walikuwa na kovu la chanjo. Waliobaki walikuwa na alama ya mkwaruzo tu, na walijiona wamekingwa, ndiyo maana hawakuogopa kuwauguza wagonjwa.

Aliporudi Kipini alimkabili Bwana Mganga barazani.

"Umehesabu mikono iliyokwaruzwa, Bwana. Hesabu makovu."

"Wakubwa wangu wanataka idadi ya waliochanjwa. Hawajauliza makovu."

"Basi waandikie na idadi ya maiti."

Nassir alikuwa kando, kichwa chini. "Nilijua kisu hakijapoa," alisema. "Lakini Dabaso alikuwa ananikaribia ubaoni."

"Dabaso alikuwa anakukaribia," Jilo alirudia polepole. Akamshika ukosi, akamsukuma mpaka ukutani. "Na mpwa wangu je?"

Bwana Mganga akaenda kuandika barua zake, ubao hakuugusa. Jilo alipakia dawa mpya, akaifunika kwa majani mabichi isipate joto, akamwamuru Nassir apande mtumbwini.

Huko Garsen, Buya alimleta kitinda mimba wake. Alipomwona Nassir ameshika kisu, alimrudisha mtoto nyuma ya mgongo wake.

"Huyu hapana."

"Atachochea moto tu," Jilo alisema. "Kisu ni changu."

Nassir akachutama kando ya jiko la makaa. Jilo akangoja kisu kipoe, hasira yake ikiwa haijapungua hata kidogo.