Wa Kwanza kwa Kipimo Gani

Msemaji wa kampuni ya saruji aliingia ofisini kwetu akabwaga gazeti la wapinzani wetu juu ya meza yangu.

"Katika orodha ya kampuni kubwa nchini, hawa wametuweka wa kwanza. Wewe umetuweka wa sita. Tumekukosea nini?"

"Wao wanapanga kwa thamani ya hisa sokoni," nikamjibu. "Mimi napanga kwa mauzo ya mwaka. Na saruji ambayo kiwanda chenu kinaiuzia kampuni yenu wenyewe ya ujenzi si mauzo. Ni kutoa mfuko wa kushoto na kutia wa kulia. Nimeiondoa."

Mhariri wangu, ambaye tangazo la jalada lake la nyuma hulipiwa na saruji hiyo hiyo, akajichekesha. "Mdogo wangu, usikaze shingo. Panga kwa idadi ya wafanyakazi. Hapo watakuwa wa kwanza."

Nikafungua ripoti yao ya mwaka. Kweli, walikuwa na wafanyakazi elfu tisa, kwa hesabu ya Desemba.

Februari walifukuza elfu nne kwa ujumbe wa simu, dada yangu akiwa mmojawapo. Leo natakiwa nimhesabu, ili waliomfukuza waonekane wakubwa.