Nyusi za Bibi

Fundi wa nyusi alipopiga simu kusema amekwama Abeokuta na hatafika Ibadan kabla ya harusi, mdogo wangu Iyabo alinigeukia mimi.

"Dada Morenike, nitengeneze wewe."

"Mimi? Sijawahi kushika nyusi za mtu."

"Ndiyo maana nakuamini. Utaogopa."

Alikuwa na sababu ya kutaka mtu mwoga. Iyabo alizaliwa mwaka aliofariki Bibi, akapewa jina lenye maana ya mama amerudi. Tangu akiwa mchanga Babu alimtazama usoni na kusema nyusi hizo ni za mke wake, nene mwanzoni, zinapanda taratibu, kisha zinashuka. Siku hizi Babu huwachanganya wajukuu wote, mimi huniita majina ya shangazi watatu kabla ya kupatia langu. Iyabo tu ndiye ambaye Babu hajawahi kumkosea jina, na kesho Babu angekaa mbele ya ukumbi kumpokea yeye, bibi harusi. Nikiharibu, nyusi hazioti usiku mmoja.

Nilifuata maelekezo aliyonipa fundi kwenye simu. Nikamkalisha dirishani penye mwanga, nikamwambia atazame mbele na asikunje uso. Nikasimamisha penseli kando ya pua yake, ikapita wima kwenye kona ya ndani ya jicho: hapo ndipo unyusi unapoanza, nikaweka nukta nyeupe. Nikailaza penseli kutoka puani ipite ukingo wa nje wa duara jeusi la jicho: hapo ndipo panapokuwa juu kabisa. Nikailaza zaidi hadi kona ya nje ya jicho: hapo unaishia; napo pote pawili nikaweka nukta.

Upande wa pili nikafanya vilevile. Nikarudi nyuma kidogo kutazama. Unyusi wa kulia ulikuwa umepanda, wa kushoto umelala.

"Zimekaaje?" aliuliza.

"Nyusi zako zimegombana."

"Dada!"

"Tulia. Nitang'oa hapa chini ya wa kushoto, ili nao upande juu."

Nikavuta ngozi ikanyooka, nikashika unywele mmoja mnene kwa kibanio, karibu na shina. Unywele ule ulikuwa kwenye unyusi wenyewe, si malaika, yale manyoya laini ya chini yake, na fundi aliniambia niondoe yale tu yaliyo nje. Lakini nilikuwa nimeshakasirika kwamba hazilingani, na mimi nikikasirika huwa sisikii hata nafsi yangu.

"Ngoja," Iyabo akasema. "Kichwa kinaniuma. Hii gele inanibana."

Tangu asubuhi alikuwa amevaa gele, kile kilemba kigumu cha harusi, akijaribu mkunjo wa kesho. Shangazi alikuwa amemfunga kwa nguvu zote, fundo likiwa upande wa kulia. Nikaachia unywele. Akaifungua, akashusha pumzi, na mbele ya macho yangu unyusi wa kulia ukateremka taratibu ukakaa sawa na mwenzake.

Nilikaa chini sakafuni nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

"Una nini wewe?"

"Nilitaka kukung'oa nyusi kwa kosa la kitambaa!"

Nikafuta nukta zote, nikapima upya, uso ukiwa huru. Nukta zile tatu za kila upande zikaangukia kwenye unyusi wenyewe ulivyoota: hapakuwa na kitu cha kuhamisha. Nikang'oa malaika ya chini tu na vinywele vilivyo katikati juu ya pua, kimoja kimoja, kwa kufuata vinakoelekea, mara kulia mara kushoto, nikirudi nyuma kila baada ya vichache. Tulipomaliza akajitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Hujafanya kitu," akasema.

"Nashukuru Mungu sijafanya kitu."

Kesho yake niliomba nimfunge gele mwenyewe, na sikuikaza. Shangazi alinisuta kwamba itaanguka mtu akicheza. Nikamwambia ianguke.

Iyabo alipofika mbele akapiga magoti kumsalimia Babu. Mimi nilisimama nyuma yake. Babu alimtazama vile vile anavyotutazama sisi sote siku hizi, kwa macho matupu, akitafuta. Kisha akainua kidole chake, akakipitisha juu ya unyusi wa kushoto, ule niliokaribia kuung'oa, kutoka mwanzo, akapanda, akashuka mpaka mwisho.

"Mke wangu," akamwambia, sauti ikikwaruza. "Umekawia. Nani amekuchelewesha?"

"Dada Morenike," akasema Iyabo, akilia na kucheka.

Babu akanigeukia. "Mpumbavu wewe," akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akaniita Morenike bila kukosea.