Saa ya Ng'ambo

Filemoni alikuwa na swali moja la usaili alilolipenda kama mtu anavyopenda kiti chake. Kila aliyekuja kuomba kazi ya kuandika programu za simu katika ofisi yao ya Rusimbi aliulizwa, na wengi walitoka wakijifuta jasho. Siku hiyo aliyekaa mbele yake alikuwa Mapendo, binti wa mtaa wa Kasingirima. Pembeni alikaa Happiness, mwenye kampuni, aliyejua mikataba kuliko programu.

Kampuni ilikuwa na programu ambayo manesi wa vijiji vya ziwani huandikia vipimo vya wajawazito. Kipimo kibaya kikifika kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni, boti ya wagonjwa huitwa. Filemoni ndiye aliyeiandika, akajivunia, na sasa ilikuwa inamnyima usingizi. Nesi Melania wa kijiji cha mpakani alikuwa amesimamishwa kazi. Alidai alimpima mama mmoja zahanati akamkuta sawa, kisha muda si mrefu akamfuata nyumbani kwa sababu ya kichwa kuuma, akaikuta presha iko juu, akaandika. Seva ilikuwa na kipimo kimoja tu, kile cha kwanza. Boti haikuitwa na mtoto akafia tumboni. Filemoni ndiye aliyetoa taarifa kwamba programu haina kosa.

Alimsogezea Mapendo simu ya bei rahisi, ile inayokwama hata ukifungua picha.

"Nesi anaandika, anapigiwa simu, mfumo wa simu unaifunga programu yako ili kupata nafasi. Alichoandika kiko wapi?"

"Kwenye hifadhidata ya simu," alisema Mapendo. "Kila anachojaza nakihifadhi papo hapo, sisubiri abonyeze kitufe. Akirudi anakuta pale alipoishia."

"Mtandao unasuasua. Umetuma, jibu halijarudi."

"Sifuti kitu mpaka seva ithibitishe imepokea. Natuma tena, na kila kipimo kina namba yake ya pekee, kwa hiyo kikifika mara mbili kinahesabiwa kimoja."

Alikuwa mzuri, hakuna ubishi. Filemoni akaleta swali lake pendwa.

"Taarifa mbili za mgonjwa mmoja zimekaa kwenye simu bila mtandao, kisha zinatumwa pamoja. Ipi ibaki?"

Jibu lake mwenyewe lilikuwa ibaki ya mwisho, kwa saa ya simu. Ndivyo alivyoiandika.

"Zote," alisema Mapendo. "Kipimo hakifutwi na kipimo kingine. Na saa ya simu siiamini, kaka. Kwa bibi yangu kule mpakani, ukipanda kidogo tu simu inanasa mnara wa Burundi na saa inarudi nyuma saa nzima. Tumeshachelewa kanisani mara nyingi tu." Akacheka kidogo. "Ukihifadhi saa inayoonekana kwenye kioo bila kusema ni saa ya nchi gani, kipimo kipya kinaonekana cha zamani. Seva inakitupa. Halafu simu ikivuta taarifa kutoka kwenye seva, hata nakala iliyobaki kwenye simu inafutika."

Filemoni akayakumbuka maelezo ya Melania. Nyumbani kwa yule mama ni juu ya kilima. Muda si mrefu, alisema Melania. Chini ya saa moja.

Happiness aliandika alama zake akitabasamu, hakuelewa kitu. Na hapo, tuseme ukweli, Filemoni alitamani kunyamaza. Angerekebisha programu kimyakimya, angempa binti kazi, na nani angejua? Aliona aibu kwa kutamani hivyo, lakini alitamani.

"Dada Happiness," alisema mwishowe, "Nesi Melania aliandika. Sisi ndio tuliofuta."

Tabasamu la Happiness likakatika. "Taarifa ilishakwenda, Filemoni. Ina sahihi yako pale. Usilete hayo mbele ya mgeni."

Mapendo aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuuliza Melania ni nani. Alirudisha ile simu mezani taratibu, kama kitu kinachounguza.

Filemoni alitoka mpaka barazani, akampigia Melania. Iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Shikamoo, mama. Ni Filemoni wa programu."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa pole, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Ulitaka nini tena? Nimeshasaini jana."

"Umesaini nini?"

"Kwamba sikumpima mara ya pili. Nilikaa nikafikiri, nikaona simu haina sababu ya kunidanganya. Labda kweli nilichoka nikaota. Nimeshakwenda hata kwa yule mama, nimepiga magoti nikamwomba msamaha kwamba sikuandika."

Simu ikawa inasuasua, sauti ya Melania ikaja vipande vipande.

"Mama, uliandika," alisema Filemoni. "Unanisikia? Uliandika."

Simu ikakatika. Hakujua kama maneno yamefika. Akapiga tena.