Punje za Barafu

Eilert alileta picha mwenyewe asubuhi, kwenye diski, akaketi na kikombe cha kahawa nyuma ya Gudny, fundi wa kusafisha picha. Ilikuwa picha ya zamani, iliyopigwa kwa kamera ya filamu: yeye kijana, amesimama peke yake juu ya ziwa lililoganda, na karibu na buti lake glavu moja ya sufu.

"Futa glavu tu, dada. Mama anatimiza miaka tisini, hataki kuona uchafu."

Majira yale ya baridi ilipopigwa picha ndiyo dada yake, Ragnfrid, alipopotea. Mji mzima wa Hamar unajua. Eilert aliwaambia polisi kwamba msichana hakufika ziwani siku ile aliyopotea.

Gudny akaifungua kwenye kompyuta. Alitenga picha matabaka mawili, moja la mwanga na kivuli, jingine la punje za filamu, zile chembechembe za picha za zamani. Kwenye yote mawili akaifuta glavu, akapasawazisha pawe peupe kama barafu. Sasa pakawa laini kama plastiki, hapana punje.

"Imekwisha, si ndiyo?" alisema Eilert.

"Ngoja, kaka. Ukiiacha hivi, hata mwenye miwani chafu ataona kiraka."

Punje hazipakwi, huazimwa kwenye barafu ya jirani yenye mwanga uleule, kwa vipande vidogo vidogo, maana punje za mahali peupe si sawa na za kivulini. Gudny akaikuza picha, akatafuta mahali pa kuazima. Kushoto kwa kijana aliona punje chache zimejikusanya kama unyayo wa ndege. Akasogea juu kidogo. Unyayo uleule. Akasogea tena. Uleule.

Punje za filamu hutawanyika ovyo; hazijirudii kamwe. Aliyekuwa amefuta hapo alikuwa amenakili kiraka kimoja mara nyingi, kwa uvivu.

Akaongeza ukali wa weusi na weupe, kama afanyavyo kila mara kukagua kazi. Viraka vikajitokeza, vikashikana: mabega, kiuno, sketi, miguu miwili. Umbo zima la msichana, bega kwa bega na kijana.

Gudny akarudisha picha kama ilivyokuwa, upesi.

"Mbona unachelewa, dada?"

"Natafuta barafu nzuri."

Kidole cha Eilert kikapita begani mwake, kikagusa kioo kushoto kwa kijana, palepale.

"Hapa usichukue."

"Kwa nini?"

Kahawa ya Eilert haikuwa imepungua hata kidogo.

"Hii picha iko kwenye diski yangu tu?" aliuliza.

Gudny alifikiri kudanganya, lakini sauti ikamtoka kabla hajaamua.

"Hapana. Sisi hunakili kila kazi kabla ya kuigusa. Nakala inakwenda kwenye hifadhi ya ofisi kuu, Oslo."

Eilert aliweka kikombe chini taratibu, akaenda mlangoni, akaufunga kwa ndani.